Mswada wa Mwani Unatafuta Jarida

Barua pepe ilimwita "Profesa Mtukufu". Mwenyewe ni mhadhiri msaidizi mwenye shahada ya pili na mswada mmoja tu, wa kwanza katika maisha yake. Jarida lililomwandikia liliisifu kazi yake ya mwani, likamwomba alete makala kabla ya Ijumaa, likaahidi jibu ndani ya siku tatu. Chini kabisa, kwa herufi nzito, liliweka namba: kipimo cha athari 7.832. Ada dola 350. Alinijia maktabani simu ikiwa mkononi, akaniuliza, "Kaka, hawa mbona bei yao nafuu?"

Mimi ni mkutubi wa chuo, na swali hilo ninalisikia karibu kila muhula. Kwa asiyekuwa mtu wa vyuo, jarida la kitaaluma ni mahali ambapo mtafiti hutangaza alichogundua, lakini si kama gazeti. Mhariri akipokea mswada huwapelekea wataalamu wawili au watatu wa fani hiyo, wahakiki, wausome wakitafuta kasoro. Hawalipwi, wana kazi zao, na hujibu kwa wiki au miezi. Anayeahidi jibu ndani ya siku tatu anakwambia, pasipo kutaka, kwamba hakuna atakayeusoma.

Mwaka 2013 mwandishi wa habari John Bohannon alilipima jambo hili. Alitunga makala ya uongo kuhusu dawa ya saratani, akaitia makosa ambayo mhakiki yeyote makini angeyaona, akaituma kwa majarida 304 yanayotoza waandishi. Majarida 157 yaliikubali. Taarifa yake ilitoka katika jarida la Science, na mengi yaliyofuata katika biashara hii ya majarida yana alama ya jaribio lile.

Nilimwambia mwalimu wetu kwamba hasara yenyewe haikuwa dola 350. Mswada wake ulikuwa na miezi 12 ya kupima mwani katika bahari ya kusini-mashariki mwa Unguja: aina ya kotonii iliyofungwa kwenye kamba za maji mafupi, ikilinganishwa na ile iliyoteremshwa kwenye kina kirefu ambako maji hayachemki wakati wa jua kali. Makala ikishatoka kwenye jarida bovu haiwezi kupelekwa kwingine, kwa sababu majarida ya kweli hayapokei kazi iliyokwisha kuchapishwa. Na ukitaka kuiondoa, wengine hukudai ada ya kuiondoa. Mwaka mzima wa kuingia baharini na mizani ungezikwa mahali ambapo hakuna mtu wa mwani anayepita.

"Basi nipeleke wapi?" Aliuliza akidhani nitafungua orodha ya majarida yaliyopangwa kwa namba, kubwa juu, ndogo chini. Wengi huanzia hapo. Mimi nilimwomba aende ukurasa wa mwisho wa mswada wake mwenyewe, kwenye marejeo.

Alikuwa na marejeo 46. Tulichukua kalamu tukahesabu kila jarida limetokea mara ngapi. Journal of Applied Phycology, jarida la mwani na viumbe wa jamii yake, mara 11. Botanica Marina mara tano. Aquaculture mara nne, na mara nne pia Western Indian Ocean Journal of Marine Science, linalotolewa na chama cha wanasayansi wa bahari wa ukanda wetu, WIOMSA, chenye makao yake Zanzibar. Mengine yalitokea mara moja moja. Lile lililomwita mtukufu halikuwamo hata mara moja. Marejeo ni ramani ya mazungumzo ambayo mswada wako umeyaingilia. Wanaozungumza hapo ndio watakaokusoma, na mhariri wa hapo ndiye anayejua wahakiki wa kuwaita.

Kila jarida lina ukurasa unaoeleza mawanda yake, yaani mambo linayoyashughulikia. Usomwe, ila usiaminiwe peke yake, maana waandishi wa kurasa hizo hupenda kutandaza mkeka mpana. Ushahidi uko katika matoleo. Tulifungua matoleo ya karibuni ya majarida manne, tukatazama vichwa na muhtasari tu. Swali letu lilikuwa dogo: je, hapa wanachapisha majaribio ya shambani, ya kamba na mizani, au wamehamia maabara na vinasaba? Jarida moja lilionekana kupenda zaidi samaki na kamba wa kufugwa, mwani ukipita kama mgeni. Lingine lilikuwa na makala tatu ndani ya mwaka zinazofanana kabisa na kazi yake, mojawapo kutoka Indonesia. Hilo tukaliwekea alama.

Kazi hii ilituchukua saa moja na nusu, nayo huokoa miezi. Mswada usioingia katika mawanda hukataliwa na mhariri kabla hata ya kuwafikia wahakiki, na kwa kuwa adabu ya fani hairuhusu kupeleka mswada mmoja kwa majarida mawili kwa wakati mmoja, kila kosa la namna hiyo ni foleni mpya.

Hapo tukaja kwenye neno ambalo wakuu wa idara hulirudia kuliko yote: faharasa. "Limo kwenye faharasa?" Maana yake ni je, jarida limeorodheshwa katika kanzidata zinazochuja majarida kabla ya kuyapokea. Kubwa mbili ni Web of Science, ya kampuni ya Clarivate, na Scopus, ya Elsevier. Kwa mambo ya tiba ipo MEDLINE ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani. Kwa majarida ya ufikiaji huria, ambayo mtu yeyote huyasoma bila kulipa, ipo DOAJ. Google Scholar haimo katika kundi hili. Yenyewe huzoa karibu kila kinachofanana na makala, kibaya na kizuri. Jarida linalojisifu kwamba "limeorodheshwa Google Scholar" ni kama duka linalojisifu kwamba lipo barabarani. Vivyo hivyo ISSN, ile namba ya tarakimu nane: hutolewa ili jarida litambulikane, wala haipimi ubora wa lolote.

Kanuni ya kuhakiki ni moja, na watu huivunja kila siku: usiulize jarida kama limo, iulize faharasa. Ukurasa wa scopus.com/sources huonekana bila malipo. Orodha ya Web of Science iko mjl.clarivate.com. DOAJ iko doaj.org. Andika ISSN badala ya jina, kwa sababu majina hufanana makusudi. Kwenye Scopus tazama pia miaka: jarida laweza kuwamo, lakini pembeni pakaandikwa kwamba uorodheshaji ulisitishwa miaka mitatu iliyopita, na tovuti yake ingali inapeperusha nembo ya Scopus kama bendera.

Kuna utapeli mwingine wa hila zaidi. Matapeli huchukua jina na ISSN ya jarida halali, mara nyingi la zamani lisilo na tovuti imara, wakaunda tovuti pacha na kupokea fedha za watu. Mtafiti Anna Abalkina alionyesha kwamba majarida pacha ya namna hiyo yalifanikiwa kupenya mpaka ndani ya Scopus yenyewe, na Desemba 2023 Scopus iliondoa viungo vya tovuti za majarida kwenye kurasa zake. Kwa hiyo, baada ya kuliona jina kwenye faharasa, tafuta anwani ya tovuti kupitia mchapishaji au chama kinacholimiliki, kisha fungua makala mbili tatu za zamani uone kama zinafanana na zile ambazo faharasa inazionyesha.

Faharasa nazo hufanya makosa na hujirekebisha. Baadhi ya majarida yaliyonaswa na Bohannon yalikuwa yameorodheshwa DOAJ. Mwaka 2014 DOAJ ilikaza masharti na kuyataka majarida yote yaombe upya; mwaka 2016 ikaondoa takriban 3,300 ambayo hayakuomba. Machi 2023 ikawa zamu ya Web of Science, iliyoondoa majarida zaidi ya 50, likiwamo moja kubwa mno la afya na mazingira, International Journal of Environmental Research and Public Health. Sababu iliyotolewa kwa hilo yafaa ikumbukwe: maudhui yake yalikuwa yametoka nje ya mawanda ya jarida. Waliokuwa wamelichagua kwa sababu ya namba yake tu waliamka siku moja wakakuta namba haipo.

Na sasa namba yenyewe. Mwalimu wetu alikuwa hajasahau ile 7.832, na sikumlaumu, kwa kuwa kamati za kupandisha vyeo pia hupenda namba. Wazo lilitoka kwa Eugene Garfield, ambaye mwaka 1955 alipendekeza kuhesabu jinsi makala zinavyotajana. Taasisi aliyoianzisha Philadelphia ikazaa kipimo cha athari, ambacho leo hutolewa na Clarivate peke yake. Hesabu yake ni nyepesi. Ukitaka cha mwaka 2024, hesabu ni mara ngapi mwaka huo zilitajwa makala ambazo jarida lilizitoa 2022 na 2023, kisha gawanya kwa idadi ya makala hizo. Jarida lililotoa makala 100 katika miaka hiyo miwili, zikatajwa mara 250, lina kipimo cha 2.5.

Sasa chukulia kwamba makala moja kati ya hizo mia ilitajwa mara 150. Tisini na tisa zilizobaki zimegawana mara 100, yaani mara moja kila moja na chenji. Kuziambia kwamba kila moja ina thamani ya 2.5 ni kumhesabia mvuvi wa dau utajiri wa jirani yake mwenye meli.

Mfano huu si wa kubuni tu, ulikwishatokea kwa ukubwa wa kuchekesha. Mwaka 2008 jarida la fuwele liitwalo Acta Crystallographica Section A lilichapisha makala ya George Sheldrick kuhusu programu yake ya kompyuta, SHELX, inayotumiwa na wanakemia duniani kote. Kila aliyetumia programu aliitaja makala. Kipimo cha jarida kikaruka kutoka takriban 2 hadi karibu 50 kwa mwaka 2009, kikayapita Nature na Science. Makala zake nyingine hazikuwa zimebadilika hata kidogo. Miaka miwili ya hesabu ilipopita, jarida lilirudi kwenye 2 yake. Nature lenyewe lilikiri katika tahariri ya mwaka 2005 kwamba asilimia 89 ya kipimo chake cha mwaka uliotangulia ilitokana na robo tu ya makala zake.

Ziongeze kasoro za fani. Anayesoma makala ya mwani leo na kutaka kuijaribu shambani atahitaji mwaka wa majira, kisha miezi ya kuandika, kisha wahakiki. Atakapokuja kuitaja, dirisha la miaka miwili limefungwa. Fani za haraka, kama za chembe hai na saratani, hutajana upesi na kwa wingi. Kwa hiyo 3 ya jarida la mwani na 3 ya jarida la saratani hazizungumzi lugha moja. Scopus ina kipimo chake, CiteScore, chenye dirisha la miaka minne. Kinasaidia kidogo, lakini nacho ni wastani, na ugonjwa wa wastani ni uleule.

Sisemi namba itupwe. Ikiwa majarida mawili yana mawanda sawa na wasomaji walewale, namba yaweza kukuonyesha lipi linasomwa zaidi. Inapokutoa kwenye fani yako ndipo inapodanganya.

Ile 7.832 je? Tuliitafuta ISSN ya jarida kwenye orodha ya Web of Science. Haikuwamo, na jarida lisilokuwamo humo haliwezi kuwa na kipimo cha Clarivate. Kuna kampuni zinazouza namba zenye majina yanayokaribiana, kwa yeyote atakayelipa. Hata bila kutafuta, desimali zilikwisha kumsaliti mwenye jarida: tangu mwaka 2023 Clarivate hutoa kipimo chake kwa desimali moja tu. Anayekuonyesha tarakimu tatu baada ya nukta kwa mwaka wa karibuni ameitoa mahali pengine.

Tukabaki na fedha. Hapa ndipo mwalimu wetu alipokunja uso, kwa sababu jarida tuliloliwekea alama lilionyesha, kwenye ukurasa wake wa ada, maelfu ya dola. Ada ya dola 2,000 tu ni kama shilingi milioni 5. Nature ilipofungua njia ya ufikiaji huria mwaka 2021 iliweka euro 9,500 kwa makala moja. Mtu akiona namba hizo hufunga kompyuta na kuirudia barua pepe ya dola 350.

Lakini bei hiyo si ya mlango, ni ya njia moja kati ya mbili. Jarida tulilolichagua ni chotara. Njia ya kwanza ni ya zamani: mwandishi halipi kitu, maktaba zinazojiandikisha ndizo zinazolipa, na makala husomwa na wenye usajili. Njia ya pili ni ufikiaji huria: mwandishi analipa, kila mtu anasoma. Nimewaona watafiti wenye makala nzuri wakiikimbia milango ya majarida chotara bila kujua kwamba njia ya kwanza ipo na haina gharama.

Majarida ya huria kamili hayana njia mbili. Mengine hutoza ada, lakini mengi, tena ndiyo wengi zaidi kati ya yaliyomo DOAJ, hayamtozi mwandishi hata senti, kwa kuwa hubebwa na vyuo, vyama au taasisi. DOAJ inakuruhusu kuchuja orodha ubaki na hayo tu. Kitufe hicho kinajulikana na wachache kuliko inavyostahili.

Kwa yale yanayotoza, kuna msamaha wa ada, na hapa mtu wa Tanzania inafaa awe makini, kwa sababu nchi yetu ina sura mbili kutegemea nani anaitazama. Wachapishaji wengi hufuata orodha ya Research4Life, mpango ulioanza mwaka 2002 na Hinari ya Shirika la Afya Duniani. Nchi za kundi A mara nyingi husamehewa ada yote, za kundi B hupunguziwa nusu. Tanzania iko kundi A. Wachapishaji wengine hufuata Benki ya Dunia, na tangu Julai 2020 Benki ya Dunia huihesabu Tanzania kuwa ya uchumi wa kati wa chini. Kwa hao, msamaha kamili waweza kugeuka kuwa nusu. Mtafiti yuleyule, mswada uleule, ankara mbili tofauti. Msomaji wa Nairobi naye asiazime jibu la Dar es Salaam wala la Kampala. Tanzania na Uganda zimo katika orodha ya Umoja wa Mataifa ya nchi zenye maendeleo madogo zaidi, Kenya haimo, na tofauti hiyo huonekana kwenye ada.

Mambo matatu huwaangusha watu. Kwanza, misamaha hii kwa kawaida ni ya majarida ya huria kamili. Chotara huachwa nje, kwa hoja kwamba njia ya bure ipo. Pili ni wakati: wachapishaji kadhaa hutaka ombi litolewe siku ya kuwasilisha mswada, wala hawasikilizi anayelia baada ya kukubaliwa. La tatu ni waandishi wenza. Wengine humtazama mwandishi wa mawasiliano peke yake, wengine hutaka waandishi wote wawe wa nchi zinazosamehewa. Mwalimu wetu alikuwa na mwenzake mmoja chuo cha Sweden, na kwa mchapishaji wa namna ya pili jina hilo moja lingeufuta msamaha. Kwa upande mwingine, vyuo vingi vya Ulaya vina mikataba inayolipa ada ya makala ambazo mtu wao ndiye mwandishi wa mawasiliano. Ndiyo maana watu hujaribu kubadilishana nafasi dakika ya mwisho. Mimi nilimwambia akae kwenye nafasi yake. Yeye ndiye aliyeshika mizani baharini, na yeye ndiye atakayejibu maswali.

Pasipo msamaha wa nchi, huwapo ombi la mtu binafsi: barua ya aya moja inayosema utafiti haukuwa na ufadhili, fedha zilizopo ni kiasi gani, na unaomba nini. Ipo pia mikataba ambayo shirika la EIFL limeijadili na wachapishaji kwa niaba ya nchi wanachama, na huku kwetu huja kupitia ushirika wa maktaba, COTUL. Hiyo haitangazwi redioni. Uliza maktabani.

Tuliandika majarida matatu kwa mpangilio kwenye karatasi: la mwani kwanza, kwa njia isiyo na ada, la pili Botanica Marina, la tatu lile la WIOMSA, ambalo mwenyewe alitaka kulianza nalo kwa sababu maofisa wa uvuvi wa ukanda huu hulisoma. Tulibishana kidogo. Ningekuwa mimi huenda ningemfuata, ila matokeo yake yalikuwa yakijibu makala ya Indonesia moja kwa moja, na jibu hutolewa pale swali lilipoulizwa. Akakubali, shingo upande.

Wahakiki walikaa na mswada miezi minne na ushei, wakataka marekebisho ya takwimu za joto, akayafanya. Barua ya kukubaliwa ilipofika alinipigia kabla hajabonyeza chochote, kama tulivyoagana, kwa sababu hapo ndipo bili huzaliwa. Ukurasa wa makubaliano huweka njia mbili, na aliyechoka kwa furaha anaweza kubonyeza ya huria akidhani anaombwa ruhusa, kumbe anatia saini deni. Tulisoma pamoja mstari kwa mstari. Akachagua njia ya usajili. Gharama, sifuri.

Mkataba uleule uliruhusu nakala aliyokubaliwa, ile ya mwandishi baada ya wahakiki lakini kabla ya kupangwa na mchapishaji, iwekwe kwenye hifadhi ya chuo miezi 12 baada ya kuchapishwa, isomwe na yeyote. Alinitumia faili hiyo siku ileile. Kwenye kalenda ya ukutani maktabani hapakuwa na mwaka ujao, basi nikaiandika tarehe kwa kalamu nyekundu kwenye ukuta wenyewe, pembeni ya swichi.